Kreatini na mruko: wachezaji wangu wa wavu wamepanda uzito, mruko umeshuka. Tatizo ni unga au kipimo?

#1 Kocha_Benchi

Wakuu, salaam. Nina timu ya wavu ya wanawake na tuna mashindano baada ya wiki tano. Wachezaji wanne (wawili wa kati, mmoja wa pembeni na seta) walianza kreatini monohaidreti siku 12 zilizopita. Siku sita za mwanzo walikunywa gramu 20 kwa siku, sasa wako kwenye gramu 5. Wengine wanne hawatumii.

Kabla ya kuanza niliwapima wote kwa chaki ukutani: kwanza alama ya mkono amesimama, halafu anaruka na kugusa mara tatu, nachukua ya juu kabisa. Jana nimerudia. Wanne wa kreatini wameshuka kwa wastani wa sentimita 1, na mmoja wa kati katoka 42 kaja 40. Uzito wao umepanda kwa wastani wa kilo 1.1. Wale wasiotumia wako palepale.

Kinachonichanganya ni vijana wa kikapu tunaotumia nao uwanja mmoja. Wanakunywa kutoka kopo hilohilo na wanaapa kwamba robo ya nne siku hizi wanarudi kukaba bila kukokota miguu. Sasa unga ni feki, dozi ni ndogo, au wavu na kikapu havifanani?

#2 Chuma_Tu

Kocha, umepigwa. Kreatini inaongeza nguvu ya mlipuko, na kuruka ni mlipuko, kwa hiyo lazima mruko upande. Usipopanda basi ni unga wa mahindi huo. Kingine, gramu 20 ni za mtu mwepesi, wape 30. Na wakataze kahawa, inaiua kabisa. Halafu weka kidogo kwenye glasi ya maji baridi, ukiona unakaa chini kama mchanga ujue ni feki.

#3 Nyavu243

Kocha, usimwage kopo bado. Kipimo chako kimeuliza swali ambalo kreatini haina jibu lake.

Uchukue mruko mmoja peke yake. Tangu mchezaji anapoanza kujinyanyua kutoka kwenye kuchuchumaa hadi vidole vinaachana na sakafu ni kama theluthi ya sekunde. Muda huo ni mfupi mno kwa msuli kuishiwa. ATP, nishati ambayo msuli huichoma papo hapo, imo tayari, fosfokreatini, akiba inayotokana na kreatini ya kuirudishia, imo, na vyote vinatosha na kubaki hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja unga. Ukimjazia pipa mtu anayechota kikombe kimoja, kikombe kinabaki kilekile.

Sasa mwangalie mchezaji wako wa kati. Anaruka bloku, anatua, anarudi nyuma hatua tatu, anaruka tena kwa mpira wa haraka hata kama seta hampi, anatua, anakimbilia pembeni kufunga bloku ya pili. Pointi ikiisha, refa akipuliza filimbi, mpiga sevu ana sekunde 8 tu. Baada ya juhudi kali namna hiyo fosfokreatini hurudi karibu nusu ndani ya nusu dakika mpaka dakika moja, na kujaa kabisa huchukua dakika kadhaa. Maana yake wa kati anaanza pointi inayofuata na pipa lisilojaa, na inayofuata tena vivyo hivyo. Hapo ndipo akiba kubwa zaidi inaonekana. Usiitafute kwenye mruko wa kwanza, itafute kwenye wa nane na wa kumi na mbili.

Bosco na wenzake waliliona hilo mwaka 1997. Waliwapa wanariadha wa mbio fupi na kuruka gramu 20 kwa siku kwa siku 5, halafu wakawafanya waruke mfululizo kwa sekunde 45. Waliokunywa kreatini walifanya kazi zaidi kwa asilimia 7 katika sekunde 15 za kwanza, na asilimia 12 katika 15 zilizofuata. Tofauti ilikua kadiri pipa lilivyozidi kuchotwa.

Kuhusu kushuka, huo ni uzito. Kreatini ikiingia kwenye msuli huvuta maji pamoja nayo, na wiki ya dozi kubwa kupanda kilo 1 hadi 2 ni jambo la kawaida. Mchezaji wako wa kati ana kilo ngapi?

#4 Kocha_Benchi

Alikuwa 68, sasa 69.1.

#5 Nyavu243

Basi tupige hesabu. Tuseme anasukuma sakafu kwa umbali wa sentimita 40, yaani kina cha kuchuchumaa kwake, na msukumo wa miguu haujabadilika hata kidogo. Ili aruke 42, wastani wa msukumo wake ni mara 2.05 ya uzito wake. Ukimwongezea kilo 1.1, msukumo uleule unakuwa mara 2.02 ya uzito mpya, na mruko unashuka hadi karibu 40.7.

Kwa hiyo sentimita 1.3 kati ya 2 zako zimeelezeka bila kumsingizia mtu wala kopo. Iliyobaki imo ndani ya kosa la chaki. Akiwa anavuta bega juu siku ya kwanza wakati wa alama ya kusimama, na siku ya pili asilivute, umeshapata au kupoteza sentimita 2 kabla hajaruka.

Chuma_Tu, samahani ndugu yangu, ila kuhusu maji baridi umekosea kabisa. Kreatini monohaidreti halisi haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi. Lita moja ya nyuzi 20 hubeba kama gramu 14 tu, kwa hiyo glasi ya mililita 250 inayeyusha gramu 3.5 na zaidi ya gramu moja katika zile 5 inabaki chini kama mchanga. Mchanga huo si dalili ya ufeki. Maji yakiwa ya nyuzi 60 yanabeba mara tatu ya hapo, ndiyo maana ukiutia kwenye chai ya moto unapotea. Cha kutilia shaka ni unga wenye utamu, rangi, au ulioyeyuka papo hapo kwenye maji ya friji.

#6 Chuma_Tu

Sawa kwenye mchanga. Ila hilo la "haiongezi mruko" silikubali. Watu wananyanyua vyuma nayo na wanaruka juu zaidi, tumewaona.

#7 Nyavu243

Hapo una nusu ya haki. Mtu akinyanyua vyuma wiki nane au kumi huku anatumia kreatini, anaweza kufanya marudio mawili zaidi kila seti, na mwisho wake miguu inakuwa na nguvu kuliko ambavyo ingekuwa. Mruko ukipanda, umepandishwa na squati. Kreatini imemsaidia kuchuchumaa mara nyingi zaidi. Kocha ana wiki tano na mazoezi yake ni ya uwanjani. Hiyo ni hesabu nyingine.

#8 Mama_Korti

Samahanini, naomba kuuliza kitu. Mwanangu anacheza kikapu chuoni. Alipimwa damu wakaona kreatini yake iko juu, akaambiwa figo hazifanyi kazi sawasawa na aache mazoezi. Nyie mnawapa watoto gramu 20 kwa siku? Si mnawaua figo?

#9 Dawa_za_Pwani

Mama, shikamoo. Hapo kuna majina mawili yanayofanana na yanachanganya hata watu wa maabara. Kinachopimwa kwenye damu ni *kreatinini*, si kreatini. Kreatinini ni takataka inayotokana na kreatini ya kwenye misuli, na figo ndizo zinazoitoa. Daktari akiiona iko juu anawaza figo zimechoka kuitoa, na kwa mgonjwa wa kawaida anakuwa sahihi. Lakini kijana mwenye misuli mingi anayekunywa kreatini anatengeneza takataka zaidi, kwa hiyo namba inapanda hata kama figo zinachapa kazi vizuri.

Namba moja pekee haitoshi kusema figo ni nzima au mbovu, kwa upande wowote. Mwambie daktari wazi kwamba anatumia kreatini, gramu ngapi na tangu lini. Anaweza kuagiza kipimo cha sistatini C, ambacho hakitegemei misuli kwa kiasi kile, na kipimo cha protini kwenye mkojo. Mpaka majibu yatoke aache unga, hapotezi chochote. Na mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa figo, au presha na kisukari ambavyo havijachunguzwa, huyo asiuanze kwa ushauri wa uzi kama huu.

#10 Mama_Korti

Marahaba, ahsante. Hakuwaambia kama anatumia. Mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipoliona kopo.

#11 Korti28

Nije upande wa kikapu, kwa sababu kocha ameuliza kwa nini vijana wanaapa.

Kikapu kina mbio fupi za kasi zinazorudiwa. Uwanja una mita 28, mtu anakimbia na mpira, wanaupoteza, anageuka kukimbia kurudi. Sprinti ya kwanza haibadiliki kwa kreatini. Ya sita na ya saba ndizo zinazobadilika. Kwa hiyo tunapima hivi: kutoka mstari wa nyuma hadi mstari wa nyuma, sprinti 8, kila sekunde 30 anaondoka. Akikimbia kwa sekunde 4 na nusu, amebakiwa na 25 na kidogo za kutembea, kugeuka na kusimama tayari. Muda unasoma kwenye video ya simu iliyosimamishwa pembeni. Saa ya mkononi achana nayo: kidole cha binadamu kinakosea kwa sehemu mbili za kumi za sekunde bila mwenyewe kujua, na tofauti tunayoitafuta ni ndogo kuliko hiyo.

Tuchukue tarakimu za mfano za gadi mmoja. Kabla: 4.30, 4.34, 4.41, 4.48, 4.55, 4.62, 4.68, 4.72. Jumla 36.10. Baada ya wiki nne: 4.31, 4.33, 4.38, 4.43, 4.48, 4.54, 4.59, 4.64. Jumla 35.70.

```
upungufu (%) = 100 × jumla ÷ (bora × 8) − 100
```

Kabla ni asilimia 4.9, baadaye 3.5. Ukiangalia sprinti ya kwanza utasema hakuna kitu, tena amechelewa kwa 0.01. Ukiangalia ya nane, ameokoa 0.08, na kwa kasi ile hiyo ni karibu nusu mita. Nusu mita ndiyo inayokupa mkono usoni pa mpiga badala ya kumkimbilia mgongoni.

Mtego uko kwenye asilimia yenyewe. Mchezaji mjanja anayejua zimo nane anabana ya kwanza, anakimbia 4.45 zote, na upungufu wake unatoka mzuri kuliko wa mwenzake aliyejitoa. Ndiyo maana siku hiyo kwanza namkimbiza moja peke yake, anapumzika dakika tano, halafu tunaanza. Sprinti ya kwanza ya jaribio ikiwa nyuma ya ile ya peke yake kwa zaidi ya asilimia 5, jaribio limekufa na tunarudia siku nyingine. Na jumla ya muda naisoma kabla ya asilimia, siku zote.

#12 Kocha_Benchi

Hapo nimeelewa vijana. Sasa kwa wavu nipime nini? Sprinti za mita 28 wasichana wangu hawana habari nazo.

#13 Nyavu243

Pima kinachofanana na kazi yao. Seti tatu za miruko mitano, kila sekunde 4 mruko mmoja, na kati ya seti na seti sekunde 20. Jumla ni miruko 15 ndani ya dakika moja na nusu hivi. Mikono iwe kiunoni muda wote, usitumie mikono ya bloku. Najua haifanani na mchezo, ila mikono ikiachwa huru mchezaji anayechoka atabadilisha namna ya kuirusha na hutajua umepima miguu au mabega.

Simu iwe chini sakafuni, mita moja na nusu mbele ya viatu, video ya fremu 240 kwa sekunde. Hesabu fremu tangu kidole cha mwisho kinaacha sakafu hadi cha kwanza kinapogusa. Muda huo ukiuita t:

```
h = 9.81 × t² ÷ 8
```

Fremu 140 ni sekunde 0.583, mruko wa sentimita 41.7. Fremu 141 ni 42.3. Kosa la fremu moja ni sentimita 0.6, linavumilika. Simu ikiwa kwenye fremu 30 za kawaida, fremu 17 zinakupa 39.4 na 18 zinakupa 44.1. Hapo hupimi, unabahatisha. Kuna simu zinazoandika 240 kwenye skrini huku zinajazia fremu za uongo, kwa hiyo rekodi kwanza saa ya kidijitali inayokimbia na uhesabu kama fremu 240 kweli zinakula sekunde moja.

Kosa linaloharibu zaidi ni kutua. Mchezaji akikunja magoti hewani kabla ya kugusa, anachelewa kutua na mruko unaongezeka kwenye karatasi. Na wanaochoka ndio wanaokunja zaidi! Matokeo yake miruko ya mwisho inaonekana mizuri kuliko ilivyo, na uchovu unaoutafuta unajificha. Sheria: anatua kwa ncha za vidole, goti limenyooka kama lilivyoondoka, ndipo anakunja. Ukiona goti limekunjwa kwenye video, mruko huo futa. Ukifuta zaidi ya mitatu, rudia jaribio baada ya siku mbili.

#14 Dada_Seta

Kocha, swali la mchezaji. Mimi seta, kwenye dozi kubwa tumbo liliniendesha siku tatu nikaacha. Niliweka zote 20 kwenye chupa moja ya juisi ya ukwaju asubuhi, nikawa nakunywa kidogo kidogo mpaka jioni. Nimefanya kosa gani?

#15 Dawa_za_Pwani

Dada, makosa mawili. La kwanza ni chupa. Kreatini iliyoyeyushwa haikai, na kwenye kitu kichachu kama ukwaju inageuka kreatinini haraka zaidi. Ikikaa kutwa kwenye joto, sehemu yake umeshainywa kama takataka. Koroga, kunywa, basi. Unga mkavu ndani ya kopo hauna shida hiyo, unakaa muda mrefu.

La pili ni tumbo. Unga usiofyonzwa ukifika utumbo mpana unavuta maji, na huko ndiko kuharisha kunakotoka. Watu wanaotaka gramu 20 wanagawa nne za gramu 5 pamoja na chakula, zikiachana saa tatu au nne. Gramu 10 kwa mkupuo zinaharisha wengi zaidi kuliko 5. Na 30 za Chuma_Tu sitaki hata kuzifikiria.

Ila kwa nini uzipitie kabisa? Hultman na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba gramu 3 kwa siku kwa siku 28 zinaujaza msuli sawa na gramu 20 za siku 6. Tofauti ni mwendo tu. Tumbo halishituki na uzito unapanda taratibu, mchezaji anauzoea. Wewe mwenye wiki tano huna haraka yoyote. Gramu 3 usipime kwa jicho, kijiko cha chai cha nyumbani kinaweza kubeba 3 au 5 kutegemea umekijaza vipi. Mizani ndogo ya wauza dhahabu ni bei nafuu.

#16 Chuma_Tu

Na kahawa je? Hamjanijibu.

#17 Nyavu243

Kahawa hatuwezi kuifunga. Wabelgiji mwaka 1996 waliwapa watu kreatini pamoja na kafeini miligramu 5 kwa kilo ya mwili, wakaona faida ya kreatini imepotea, ingawa fosfokreatini kwenye misuli ilikuwa imepanda kama kawaida. Kwa msichana wa kilo 68 hiyo ni miligramu 340, vikombe vitatu au vinne vya kahawa nzito, kila siku. Tafiti za baadaye hazikukubaliana. Chai ya rangi ya asubuhi haifiki huko hata kidogo. Mimi namwambia mchezaji asichanganye vidonge vya kafeini na wiki ya dozi kubwa, basi. Kikombe chake cha kahawa siwezi kumnyang'anya kwa ushahidi huu.

#18 Korti28

Mimi namnyang'anya, kwa sababu ya usingizi. Ila hilo ni suala lingine.

#19 Mswali_Tano

Ramadhani ikiwadia inakuwaje? Timu yetu ya kikapu nusu wanafunga, na mazoezi ni baada ya tarawehe.

#20 Dawa_za_Pwani

Gramu 3 hadi 5 kwenye futari au daku, vyovyote. Kreatini haifanyi kazi saa ileile uliyoinywa kama kafeini, inafanya kazi kwa sababu msuli umejaa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo saa ya kunywa haina uzito. Dozi kubwa ya siku sita usiianzishe ndani ya mfungo, maana mara nne pamoja na chakula hazitoshei kati ya magharibi na alfajiri bila kubebana.

#21 Kocha_Benchi

Nimekaa na uzi huu jioni nzima. Maswali mawili ya mwisho. Hawa wanne niwaache waendelee, au nisimamishe ili uzito ushuke kabla ya mashindano? Na kwa nini seta kapanda kilo 0.3 tu huku wa pembeni kapanda 1.8?

#22 Nyavu243

Seta amejieleza mwenyewe hapo juu, aliacha siku ya tatu na nusu ya unga ilipita tumboni moja kwa moja. (Kocha, hesabu zako za wastani zina mtu ambaye hajameza dozi. Mtoe.)

Wa pembeni muulize anakula nini. Kreatini ya kwenye chakula inatoka kwenye nyama na samaki, kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 4 au 5 hivi. Maharage hayana. Anayekula ugali na maharage siku tano za wiki anaanza na pipa lililo chini, kwa hiyo anapokea nyingi na anapanda uzito zaidi. Mwenye kula samaki kila siku anakaribia ukingo tayari na huenda usione chochote kwake, si kwenye mizani wala kwenye miruko 15. Watu wa namna hiyo wapo, na kuwaongezea dozi hakubadilishi kitu. Figo zinaitoa tu.

Kusimamisha hakukusaidii. Msuli ukishajaa unachukua wiki nne hadi sita kurudi ulipokuwa. Ukiacha leo, siku ya mashindano watakuwa njiani, uzito haujaisha na akiba inaendelea kupungua. Waache kwenye gramu 3 mpaka 5. Wiki tano ni muda wa kutosha kuzoea hiyo kilo moja, hasa kwenye mbio za kuingia spaiki ambako hatua ya mwisho ndiyo inayohisi tofauti. Libero, yule mlinzi wa nyuma, asitumie kwa sababu tu wenzake wanatumia. Kazi yake ina juhudi za kurudia pia, lakini ni mchezaji wa mwisho ambaye ningemwongezea uzito.

Na kama mashindano yana upimaji wa dawa: kreatini haimo kwenye orodha ya WADA ya vitu vilivyokatazwa, ila kopo linaweza kuwa na kitu kingine ambacho hakikuandikwa. Nunua lenye nembo ya Informed Sport, wanaopima virutubisho kutafuta vitu vilivyokatazwa, na uangalie namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo lenyewe kwenye tovuti yao. Piga picha namba hiyo kabla kopo halijatupwa.

#23 Kocha_Benchi

Tumepima leo miruko 15, wote wanane, viatu vilevile, saa kumi na moja jioni. Naweka wachezaji wawili wa kati, wastani wa kila seti kwa sentimita. Anayetumia kreatini: 40.2, 39.3, 38.4. Asiyetumia: 41.5, 39.4, 37.3. Huyu wa pili nilifuta miruko miwili, alikunja magoti kama mlivyosema.

Anayetumia ameanza chini ya mwenzake na kumaliza juu yake. Ndiyo yenyewe hii?

#24 Korti28

Inapendeza, ila haijathibitisha kitu. Hao ni watu wawili tofauti na huna kipimo cha miruko 15 cha kabla. Huenda wa kwanza alikuwa hivyo tangu zamani. Tena wote wanajua nani anakunywa nini. Anayekunywa anajitahidi mruko wa 14, asiyekunywa anajiambia hana unga.

#25 Nyavu243

Ana haki. Ila umepata nafasi ambayo wengi hawaipati, Kocha. Wale wanne wasiotumia leo wana kipimo cha kabla. Wakikubali wenyewe, wawili wape gramu 3 za kreatini kwenye uji, wawili gramu 3 za glukosi, mtu mwingine agawe na wewe usijue. Siku 28 zinaisha wiki moja kabla ya mashindano. Bado ni watu wanne tu na mazoezi yanaendelea, kwa hiyo usije ukatuandikia kwamba umegundua kitu. Lakini utajua nani katika hao wanne mruko wake wa 12 umebadilika, na hilo ndilo unalolihitaji unapopanga nani aingie seti ya tano.

#26 Kocha_Benchi

Mmoja ana miaka 16. Naye?

#27 Dawa_za_Pwani

Mtoe kwenye jaribio. Mzazi wake hajaulizwa, na tafiti za umri huo ni chache.

#28 Chuma_Tu

Miaka 16 wangu wote wanatumia na hawana shida.

#29 Dawa_za_Pwani

Na wazazi wao wanajua, au nao wataliona kopo siku moja kama Mama_Korti?

#30 Kocha_Benchi

Nimemtoa. Wamebaki watatu, mmoja kreatini, wawili glukosi au kinyume chake, fundi wa uwanja ndiye anayegawa na amekataa kuniambia. Glukosi ina utamu lakini, wataijua?

#31 Nyavu243

Tia sukari kwenye uji wa wote.